Belo la blauzi la kilo 45 Ngamiani: faida imekaa kwenye daraja la pili

Ninauza blauzi za kike za mtumba Ngamiani, hapa Tanga mjini, na mzigo wangu huununua kwa mabelo yaliyofungwa kutoka ghala la jumla lililoko Dar es Salaam. Tathmini hii ni ya belo moja: blauzi nyepesi za kike, kilo 45, gredi A kwa mujibu wa lebo, asili yake Kanada, bei shilingi 520,000. Nimelichagua hilo kwa sababu niliandika hesabu yake tangu mikanda ilipokatwa hadi nguo ya mwisho ilipotoka, na hesabu hiyo inapingana na imani iliyoenea miongoni mwetu kwamba belo hulipwa na nguo kali za juu.

Kwa kuwa belo halifunguliwi kabla ya kulipiwa, na likishafunguliwa halirudishwi, unachoweza kukagua ni ganda lake. Mikanda ya plastiki ya belo lililotoka kiwandani hukaza sawasawa pande zote na maungio yake hubanwa kwa mashine. Ukiona fundo la mkono, mkanda mmoja wenye rangi tofauti na mingine, au gunia lililoshonwa upya kwa sindano, belo hilo huenda limefunguliwa, likachambuliwa na kufungwa tena. Ubonyeze mzigo kwa kiganja: uwe mgumu kama ubao, kwa sababu mashine hugandamiza kuliko mikono ya watu. Kisha uupime kwenye mizani na uunuse. Harufu kavu ya kufungiwa muda mrefu si tatizo, lakini harufu ya ukungu maana yake maji yameingia, na maji hayo umeyalipia kwa kilo. La kwangu lilikuwa salama kwa vipimo vyote hivyo. Nikishalipokea huliweka juu ya mbao, kamwe si juu ya sakafu ya saruji, maana unyevu wa pwani hupanda kutoka chini na kuzitia nguo madoa meusi yasiyotoka.

Ndani zilitoka blauzi 246, yaani wastani wa gramu 183 kwa moja, idadi ninayoiona ni ya haki kwa nguo za aina hiyo. Uzito ndio unaoamua idadi, na ndiyo maana belo la suruali za jinzi lenye kilo hizo hizo haliwezi kulinganishwa na hili kwa bei ya belo peke yake. Jinzi moja inaweza kufikia uzito wa blauzi tatu au nne.

Kuchambua ndiko kulikonichukua muda, na hapo gredi ya kwenye lebo haikunisaidia sana. Aliyepanga nguo hizi huko Kanada alitazama uchakavu na mtindo. Hakumjua mama wa Ngamiani anayetafuta blauzi ya kuvaa chini ya baibui au juu ya sketi ndefu katika joto la Machi. Kwa hiyo ninapanga upya kwa macho ya mteja wangu. Blauzi ya pamba au viskosi yenye mikono mirefu, iliyopwaya na kufika chini ya nyonga, huingia daraja la kwanza hata kama lebo yake ya shingoni haijulikani na mtu yeyote. Blauzi mpya kabisa isiyofika kiunoni, au ya poliesta nzito isiyopitisha hewa, hushuka daraja la pili au la tatu ingawa haina doa. Saizi kubwa nazo huzipandisha, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wazima na saizi ndogo hubaki zikining'inia.

Baada ya kupanga kwa aina, hukagua kasoro. Kila nguo huiinua kwenye mwanga wa mlangoni ili nione vitobo vya nondo, kisha hugeuza makwapa, kola na pindo za mikono, sehemu zinazotangulia kuchakaa. Blauzi moja ya buluu iliyoiva ilinipendeza mbele na nyuma, lakini chini ya makwapa ilikuwa na ukoko mweupe wa dawa ya jasho na kifungo cha tatu hakikuwepo. Niliilowesha katika maji ya siki, nikaisugua kwa brashi laini, na kifungo nikakitoa kwenye rundo la mabovu, ambalo silitupi kabla ya kukata vifungo vyake vyote. Nguo hiyo ingeuzwa shilingi 1,000, iliuzwa 3,000. Kanuni yangu ni kwamba matengenezo yasizidi theluthi moja ya bei inayoongezeka, kwa hiyo zipu iliyokufa au kitambaa kilichovimba vifundo vya msuguano sivigusi. Nguo za ndani zikitokea ndani ya belo haziningʼinizwi kabisa, kwa kuwa TBS imezipiga marufuku.

Matokeo yalikuwa haya: daraja la kwanza nguo 38, la pili 104, la tatu 71, na mabovu 33. Gharama nyingine, yaani usafiri hadi Tanga, wapakuzi, sabuni, mkaa wa pasi na nyuzi, zilifika shilingi 30,000, na kufanya mtaji wote kuwa 550,000. Wengi hugawanya mtaji huo kwa idadi ya nguo, wakapata kama shilingi 2,236 kwa kila moja, kisha wakasema wasiuze chini ya hapo. Wastani huo hauna kazi mezani. Nguo za daraja la tatu haziwezi kufika bei hiyo hata ukizisimamia mwaka mzima, na ukiishika namba hiyo utazikalia hadi zipauke. Ninachofanya ni kupangia kila daraja bei mbili, ya kutaja na ya kufungia, halafu napiga hesabu kwa bei ya kufungia peke yake.

Kwa bei za kutaja, belo hili lilikuwa zuri sana. Daraja la kwanza kwa wastani wa 7,000 lilifanya 266,000, la pili kwa 3,500 lilifanya 364,000, la tatu kwa 1,500 likafanya 106,500, na mabovu 8,000. Jumla ni 744,500, faida 194,500. Fedha zilizoingia mkononi zilikuwa tofauti. Daraja la kwanza liliisha lote kwa wastani wa 6,500, yaani 247,000. La pili liliuza nguo 80 kwa 3,000, sawa na 240,000, na 24 zilizobaki zikashushwa hadi 1,500, zikaleta 36,000. La tatu lilitoka kwa 1,000 na kuleta 71,000, na mabovu yakaleta 8,000 zile zile kutoka kwa mafundi wa gereji wanaoyataka kwa matambara. Jumla 602,000, faida 52,000, kabla ya ushuru wa soko na posho ya kijana anayenisaidia.

Tazama sasa pengo limetokea wapi. Kati ya bei ya kutaja na fedha halisi, daraja la kwanza lilipoteza 19,000 tu, na la tatu 35,500, lakini la pili lilipoteza 88,000. Zile blauzi 24 pekee, kama zingetoka kwa 3,000 kama wenzake, zingeongeza 36,000. Nguo kali hazina shida ya kuuzwa, hujiuza zenyewe. Kinachoamua kama belo limelipa ni kiasi cha daraja la pili unachoweza kukitoa kabla halijaanza kuitwa mabaki.

Hapo ndipo utaratibu wa kutundika unapokuwa na uzito kuliko bei yenyewe. Siku ya kufungua belo huja wauzaji wenzangu wanaotaka kuchagua daraja la kwanza lote kwa bei ya jumla. Mmoja aliniambia, “Mama, nichagulishe hizo thelathini na nane kwa elfu tano tano, mtaji wako mwingi urudi leo leo.” Ni kweli ningepata 190,000 papo hapo, na mwenye deni la kulipa kesho pengine afanye hivyo. Nilikataa kwa sababu nguo 104 za daraja la pili zingebaki bila kitu cha kumsimamisha mpita njia. Badala yake nilizigawa nguo kali katika mafungu, kila asubuhi nikatundika chache mbele na nyingi za daraja la pili nyuma yake, zote zimepigwa pasi na kukaa kwenye henga za aina moja. Mteja huvutwa na ya elfu saba, akaulizia, akashindwa bei, akaondoka na mbili za elfu tatu. Nguo zile 24 zilikwama kwa sababu fungu la mbele liliisha katikati ya mwezi, fedha zikiwa adimu mtaani, na sikuwa na nguo kali zilizosalia za kuzisindikiza hadi mishahara ya mwisho wa mwezi itoke.

Daraja la tatu silitundiki. Huliuza kwa mafungu kwa wachuuzi wanaokwenda kwenye magulio ya Muheza na Korogwe, nao hawachagui sana mradi fungu lisiwe na iliyochanika.

Kwa hiyo belo hili ninalipimaje? Kwa ubora wa nguo, gredi iliyoandikwa ilikuwa ya kweli: mabovu 33 kati ya 246 ni kiasi ninachokivumilia katika gredi A. Kwa bei, hapana. Nikichukua mapato halisi ya 602,000, nikatoa gharama za 30,000 na faida ya 90,000 ninayohitaji ili ushuru na posho visiimalize, inabaki 482,000, na hicho ndicho kikomo cha fedha ninayoweza kulipia belo la lebo hii kwa wateja wa hapa. Mwenye meza mahali ambapo blauzi fupi na za kubana zinapendwa angepata daraja la kwanza kubwa zaidi kutoka kwenye belo hili hili, na kwake 520,000 huenda si nyingi. Ghala lilipokataa kushuka chini ya 510,000 niliacha lebo hiyo na kuchukua belo la gauni ndefu za kilo zile zile, ambalo lina nguo chache zaidi, ila karibu nusu yake nimeipanga daraja la pili.