PDF uliyohifadhi au ukurasa wa DOI?

PDF ya makala ya utafiti uliyoipakua zamani inafunguka haraka, hata bila intaneti. Kasoro yake ni kwamba imeganda siku ile ulipoipakua.

Chukua utafiti wa PREDIMED kuhusu mafuta ya zeituni, karanga na maradhi ya moyo, uliochapishwa na New England Journal of Medicine mwaka 2013. Mwaka 2018 waandishi wenyewe waliuondoa, kwa sababu baadhi ya washiriki hawakugawiwa makundi kwa bahati nasibu: watu wa nyumba moja waliwekwa kundi moja, na kuna mahali kliniki nzima ilipewa mlo uleule. Toleo jipya likatoka siku hizohizo. Takwimu hazikubadilika sana, ila madai ya chanzo na matokeo yalilegezwa. Nakala yako ya 2013 haina hata alama ya hayo.

DOI ni namba ya kudumu inayotambulisha makala; ukiibandika kwenye kivinjari baada ya https://doi.org/ unafika kwenye ukurasa wa makala, ambako ilani ya kuondolewa huwekwa. Majarida mengi yana pia kitufe cha "Check for updates". Usahihisho mdogo husahaulika zaidi, kumbe huenda umebadilisha tarakimu ileile unayoinukuu.

Mimi husoma PDF, lakini hunukuu baada ya kufungua DOI.