Uzoefu wangu: ofa ya kuhuisha mkataba wa matengenezo ya jenereta, kituo cha maziwa Tukuyu

Kampuni inayohudumia jenereta ya kituo chetu cha kukusanyia maziwa imeleta ofa ya mwaka wa pili. Ni barua ya kurasa mbili: wa kwanza unaeleza mafanikio ya mwaka uliopita, wa pili una huduma mpya na bei iliyopanda kwa asilimia 15. Kwa ujumla nimeridhika na kazi yao, na mkataba nimeuhuisha. Ila barua yenyewe inafaa kusomwa huku daftari la jenereta limefunguliwa pembeni, kwa sababu si kila kilichoandikwa kama mafanikio kimetokana na kazi ya fundi.

Mashine ni ya kVA 30, yaani kilowati 24 kwa maandishi ya kibati chake, injini ya dizeli isiyo na tabo. Umeme wa TANESCO ukikatika, inabeba kopresa za tenki la kupozea maziwa, pampu, kikorogeo na taa.

Nianze na fanikio wanalolisifia zaidi: matumizi ya dizeli yameshuka kutoka lita 5.1 hadi lita 4.5 kwa saa, na barua inasema ni matokeo ya huduma bora. Namba ni za kweli, nimezilinganisha na stakabadhi za mafuta na mita ya saa. Tatizo ni kipimo. Lita kwa saa hufuata mzigo: jenereta ikibeba kidogo, inakunywa kidogo, hata kama sindano za mafuta zimechoka. Kipimo kinachosema ukweli kuhusu afya ya injini ni lita kwa kila uniti ya umeme iliyozalishwa, na paneli nyingi za kisasa zinahifadhi uniti hizo. Tafuta kwenye skrini palipoandikwa kWh.

Hesabu yetu ni hii. Mwaka wa kabla ya mkataba jenereta ilitembea saa 402, ikatumia lita 2,050 na kuzalisha uniti 5,860. Gawanya lita kwa uniti, unapata 0.35. Mwaka wa mkataba ilitembea saa 346, lita 1,557, uniti 4,450. Gawanya tena: 0.35. Injini haikuanza kubana mafuta. Kilichobadilika ni kwamba maji ya moto ya kuoshea vyombo sasa yanatoka kwenye kipasha maji cha jua, na heta ya umeme ya kilowati 3 haiwashwi tena kila asubuhi. Niliwaonyesha hesabu hiyo, wakakubali kuiondoa kwenye sababu za kupandisha bei. Si kwamba walidanganya. Wanapima wateja wao wote kwa lita kwa saa kwa kuwa ndicho kipimo rahisi.

Fanikio la pili ni lao kabisa, na ndilo lililonifanya nibaki. Kabla yao, jenereta iligoma kuwaka alfajiri mara kwa mara kuanzia Juni hadi Agosti, na mafundi waliotangulia walibadilisha betri tu kila ilipogoma. Hawa walipima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Yetu ilisoma 12.2, na stata ilipozungushwa ikaporomoka chini ya 9. Wengi wangesema betri imekufa. Wao walipima chaja ya ukutani wakakuta inatoa volti 13.1, wakati betri ya maji inayokaa kwenye chaja muda wote inahitaji kama 13.5 hadi 13.8. Betri haikuwa ikijaa hata siku moja, na betri inayokaa nusu tupu hujenga salfeti kwenye sahani zake hadi inashindwa kupokea chaji. Ongeza baridi ya Rungwe: betri inapungukiwa nguvu, oili inakuwa nzito, stata inadai umeme mwingi zaidi. Walibadilisha chaja pamoja na betri, na msimu wa baridi uliofuata mashine haikugoma. Kama betri zako haziishi, pima chaja kwanza kabla hujanunua nyingine.

Barua inasema pia kwamba wastani wa kuitikia wito ulikuwa saa 2. Hapo uliza saa hizo zinahesabiwa mpaka wapi. Kwenye rekodi zao wito unafungwa fundi anapopiga simu kuelekeza, si anapofika. Karakana yao iko Mbeya mjini, na njia ya kupanda na kushuka milima ya Uporoto wakati wa ukungu haiendeki haraka. Kwangu mimi maziwa yaliyopokelewa asubuhi yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 ndani ya saa chache, hivyo simu ya haraka bila fundi haiokoi tenki.

Kwenye huduma mpya, wanatoa tatu. Kipimo cha maabara cha oili nimekiacha: injini inayotembea saa chini ya 400 kwa mwaka, ambayo oili yake hubadilishwa kila saa 250 au kila mwaka, haina sampuli za kutosha kuonyesha mwelekeo wowote. Kufuatilia jenereta kwa simu kwa kutumia laini ya data nimekichukua, baada ya kuhakikisha paneli yetu ina tundu la mawasiliano na mtandao unashika ndani ya banda lenyewe, si nje ya mlango. Kinachonifaa hapo ni taarifa ya volti za betri kila siku, maana chaja ikianza kushuka tena nitajua kabla ya Juni.

Ya tatu, jaribio la mzigo, inahitaji maelezo zaidi. Usiku jenereta yetu hubeba taa na kikorogeo tu, chini ya kilowati 3. Injini ya dizeli ikitembea muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na mabaki yanaganda kwenye vali na bomba la moshi. Dalili yake ni unyevu mweusi wa mafuta kwenye maungio ya ekzosi. Jaribio la mzigo huichoma taka hiyo, kwa hiyo wazo ni zuri. Lakini ofa iliandika kwamba wataipakia kilowati 24 kamili. Tukuyu iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kitabu cha injini hii kinapunguza asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000. Uwezo halisi hapa ni kama kilowati 22 na nusu. Kuilazimisha zaidi kunaleta moshi mweusi, joto kupanda na mashine kujizima, kisha unaandikiwa kwamba injini imechoka.

Nimekubali jaribio moja kwa mwaka lenye kikomo cha kilowati 20. Kwa wiki za kawaida tunawasha ile heta ya zamani pamoja na kopresa kwa nusu saa wakati wa kuijaribu mashine, na hiyo haigharimu kitu zaidi ya dizeli.

Mkataba niliosaini una mabadiliko mawili niliyoyadai: muda wa kuitikia unahesabiwa hadi fundi anapofika kituoni na kusaini daftari letu, na ripoti ya mafuta ya mwaka ujao itaandikwa kwa lita kwa uniti. Bei imepanda kwa asilimia 9, bila VAT. Filta na oili zimo. Betri, mikanda na sindano za mafuta zinalipiwa pembeni.