Slow Mode ya Telegram: niliiwasha, nikaisahau, grupu likapoa

Oya wazee mambo vipi, karibuni tena, najua wiki iliyopita niliwaahidi vidio ya maikrofoni, maikrofoni ipo ila waya wake umenisumbua kwa hiyo tutaiona wiki ijayo, leo nina hasira na kitu kingine kabisa. Slow Mode. Ile ya kwenye magrupu, ukituma meseji moja unasubirishwa kabla hujatuma nyingine. Wengi mnaijua, sitaeleza sana, imekuja Telegram tangu 2019, ni bure, unafungua grupu, unagusa jina lake juu, unagusa ile kalamu ya kuhariri, unaingia Permissions, unashuka chini mpaka uione. Unasogeza tu: 10s, 30s, 1m, 5m, 15m, mpaka 1h.

Sasa angalieni hapa nina simu mbili. Hii ya kulia ndiyo ya admini, hii ya kushoto nimeingia kama mwanachama wa kawaida tu. Nimeweka 5m. Kuna jamaa kwenye grupu ameuliza hapa, "vidio yangu inatoka bila sauti, nifanyeje?" Nataka nimsaidie. Kwa simu ya kushoto naandika "Pole, subiri nikuelekeze", natuma... imeenda. Ona pale palipokuwa na kitufe cha kutuma. Kimeondoka, kumekuja saa inahesabu kurudi nyuma, 4:58, 4:57. Kuandika naweza, kutuma siwezi. Na nilichosahau kumuuliza ni anatumia simu gani! Haya, tuiache hapo mezani ihesabu, tutairudia.

Simu ya kulia sasa, ya admini. Natuma moja. Natuma mbili. Natuma tatu, stika, nne. Hakuna saa, hakuna kitu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo jamani, admini haimgusi! Yaani wewe unayeiwasha ndiye mtu pekee usiyejua inaumaje. Mimi niliwasha 5m usiku mmoja watu wanagombana, nikalala, asubuhi naandika vizuri tu, siku ya pili naandika vizuri tu, wiki nzima nikawa najiuliza mbona grupu limepoa, watu wamenichoka au? Kumbe nimewafunga midomo mwenyewe. Kwa hiyo kama wewe ni admini, uwe na akaunti ya pili ya kawaida humo ndani, au mwombe mwanachama mmoja akupigie skrini shoti uone anachokiona yeye.

Ila sijasema ni kitu kibaya, msiniwekee maneno mdomoni. Ule ugomvi wa usiku ule iliuzima, tena fasta. Nilivyofanya ni hivi, na hii ndiyo sehemu ninayotaka muishike: kabla ya kuwasha nilirudi nyuma nikahesabu meseji 100 za mwisho, nikaangalia zimetumwa na watu wangapi. Zile 100, meseji 81 zilikuwa za watu watano tu. Watano! Grupu lina watu zaidi ya 3,000. Wanabishana programu gani ya kuediti ni bora, na unajua watu wakibishana hawaandiki sentensi, wanaandika neno, wanatuma, neno, wanatuma. "Wewe." "Hujui." "Kitu." Mtu mmoja anatuma kila sekunde nne, hizo ni meseji 15 kwa dakika, mara watu watano ni 75 kwa dakika, nani atasoma? Ukiweka 30s kila mmoja anabaki na mbili kwa dakika, jumla kumi. Tena akijua ana nafasi moja tu anaandika hoja nzima kwa mara moja, na wakati mwingine akishamaliza kuiandika anaiona ya kijinga, anafuta. Hiyo kitu naipenda kufa.

Lakini geuza sasa. Hesabu 100 za mwisho ukute zimetumwa na watu 90. Mfano umetangaza kitu, watu 300 kila mmoja anasema "hongera". Slow Mode itakusaidia nini hapo? Hakuna. Kila mtu ametuma moja tu, na hiyo moja inaruhusiwa, hata ukiweka 1h zinaingia zote 300. Inapunguza kasi ya mtu, si ya grupu. Ndiyo maana boti za matangazo pia haziogopi, akaunti inaingia, inabandika linki moja, inatoka zake. Hapo unatakiwa kuzuia linki na kuhakiki wanaoingia, au kama ni hongera, fungia watu kuandika kwa nusu saa waweke riakisheni tu.

Na kama ni mtu mmoja anayesumbua? Mzuie huyo mmoja. Usiadhibu ukoo mzima kwa kosa la mjomba.

Discord wao, niseme ukweli, hapa wamewazidi hawa Telegram, unaiweka chumba kwa chumba, na kusubiri kunafika mpaka masaa sita. Kwa hiyo chumba cha kubishana unakibana, chumba cha msaada unakiacha huru. WhatsApp ndiyo usiniulize, kule ama wote wanaongea ama maadmini tu, hakuna katikati. Halafu Telegram wameingiza na hela humu, wenye Premium ya kulipia wanaweza kuboosti grupu, na admini akiruhusu, walioboosti hawasubirishwi. Mimi sijaruhusu. Mgomvi mwenye Premium ni mgomvi tu.

Ujanja mwingine wa wagomvi, muuangalie: akishatuma anabonyeza kuhariri meseji yake ileile, anaongeza matusi chini. Kuhariri hakusubirishwi. Ukiona meseji moja inazidi kurefuka ndio hiyo.

Namba zangu ni hizi, mnaweza kubisha. Grupu la maswali na majibu, siku za kawaida izime, kukiwaka moto 30s, basi. 1m ukizidiwa sana. 15m na 1h ni za magrupu ya kubandika bidhaa tu, kule hakuna maongezi, mtu abandike moja aondoke. 5m, ukiacha usiku ule mmoja wa ugomvi, sijawahi kuiona ikifaa mahali, ni ndefu kwa maongezi, fupi kwa matangazo. Na ukiwasha andika palepale, "nimewasha 30s mpaka saa nne", weka na alamu kwenye simu yako ya kuizima, maana meseji zikipoa hutakumbuka, mimi shahidi.

Ngoja ngoja, simu ya kushoto hii, 0:03, 0:02... kitufe kimerudi! Natuma: "Unatumia simu gani?" Imeenda. Haya tuone... Jamaa mwonekano wa mwisho dakika mbili zilizopita. Na mimi nimeshafungiwa tena, 4:55.