Transmita isiyo na waya kwa mpiga gitaa wa jukwaani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mpiga gitaa wa bendi ya dansi anayekaa jukwaani saa nne au tano hahitaji kifaa kilekile na anayepiga nyimbo tatu ibadani. Orodha hii imepangwa kwa ajili ya huyo wa kwanza: anatumia amplifaya yake, ana pedali mbili tatu, na sebene ikianza anataka kusogea mbele bila kukanyaga waya.

Tuanze na uchelewaji, maana ndio unaowatisha wengi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa milisekunde moja. Ukisimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya, tayari unaisikia kwa kuchelewa milisekunde 9. Transmita yenye milisekunde 2.3 ni sawa na kurudi nyuma sentimita 80 tu, na hakuna mkono unaolalamikia hilo. Tatizo huja vinapojumlishwa: transmita ya milisekunde 6, pedali ya kidijitali, kisha mikisa ya kidijitali inayokurudishia sauti masikioni. Hapo nyuzi za haraka za sebene huanza kuonekana zinaburuta nyuma ya ngoma. Blutuuthi ya kawaida usiifikirie kabisa. Mara nyingi huvuka milisekunde 100.

1. Boss WL-20. Uchelewaji wake ni milisekunde 2.3, transmita hudumu takriban saa 12 na risiva saa 10. Kuoanisha ni kuchomeka transmita ndani ya risiva kwa sekunde kama 10, nayo hutafuta masafa yaliyo wazi. Ina uigaji wa waya wa kawaida, unaopunguza ule ukali wa juu ambao waya halisi huumeza. Kama gitaa lako ni la akustika lenye priampu, chukua WL-20L, isiyo na uigaji huo.

2. Line 6 Relay G10S. Milisekunde 2.9, betri ya transmita saa 7 hadi 8. Risiva ni pedali inayotumia adapta ya volti 9, na transmita huchajiwa kwa kuchomekwa humo humo. Mwenye ubao wa pedali huenda akaipenda kuliko ya kwanza, kwa kuwa hana betri ya pili ya kukumbuka. Ila umeme ukikatika, risiva nayo huzimika.

3. Xvive U2. Ni ya bei nafuu na nyepesi, lakini betri ni saa 5 na uchelewaji unakaribia milisekunde 6. Kwa onyesho la saa nne, saa 5 za betri mpya zinatosha kwa shida. Betri ya lithiamu huchakaa kadiri inavyochajiwa, hivyo iliyotumika miaka miwili inaweza kukuzimikia kabla ya wimbo wa mwisho. Ukinunua iliyotumika, ichaji ijae, iache imewashwa na hesabu saa kabla ya kutoa pesa.

Kuunganisha risiva ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Punguza sauti ya amplifaya hadi sifuri, chomeka risiva kwenye tundu la kuingizia gitaa, washa vyote viwili, ndipo upandishe sauti polepole. Ukiwa na pedali, risiva huenda kwenye tundu la kuingilia la pedali ya kwanza. Usiichomeke kamwe kwenye tundu la kutolea sauti kwenda spika. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye mikisa itafanya kazi, lakini gitaa la umeme litasikika jembamba na kali, kwa sababu spika ya amplifaya ndiyo iliyokuwa ikizuia ule mlio wa juu.

Pedali ya fazi ya zamani inaweza kukushangaza: kupunguza sauti kwenye gitaa hakuisafishi tena kama zamani. Transmita imekata ule uhusiano wa moja kwa moja kati ya gitaa na pedali. Dawa ni kurudi kwenye waya kwa wimbo huo.

Mlio ukikatika-katika, angalia mahali risiva ilipo kabla ya kuilaumu. Hizi zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Waifai, na mwili wa mtu huyazuia. Risiva iliyofichwa nyuma ya amplifaya, mita moja kutoka ruta ya ukumbi, itasumbua. Ilete juu au mbele kwa waya mfupi wa sentimita 30, isogeze mita mbili au tatu kutoka kwenye ruta, kisha oanisha upya watu wakishajaa, si saa ya majaribio ukumbi ukiwa mtupu.

Nenda dukani na gitaa lako mwenyewe. Tundu lililozama ndani linaweza kuzuia transmita isiingie mpaka mwisho, na baadhi ya gitaa zenye pikapu za betri hutoa sauti ya mkwaruzo zikikutana na transmita fulani. Ipe mgongo risiva, tembea hatua kumi na tano ukipiga nota moja moja, kisha acha nyuzi kimya usikilize.