Uzoefu wangu na programu ya fiziotherapia kwa maumivu ya pia ya goti

Nimemaliza programu ya wiki 12 ya fiziotherapia kwa wakimbiaji wenye maumivu ya mbele ya goti, na naipa nyota nne kati ya tano. Nakimbia tena bila kuliwazia goti, ila nadhani kilichonisaidia zaidi si kile ambacho kliniki hii inakitangaza. Tangazo lao linasema nyonga dhaifu ndiyo chanzo cha maumivu haya. Ukweli una pande zaidi ya moja, na mtaalamu aliyenihudumia aliueleza vizuri kuliko tangazo.

Dalili zangu zilikuwa zile zinazojulikana: maumivu mazito kuzunguka pia ya goti, na mengine kama yanatoka nyuma yake, bila uvimbe. Yalizidi nikishuka ngazi, nikichuchumaa, au nikikaa muda mrefu goti likiwa limekunjwa. Mbioni yaliniuma zaidi kwenye mteremko. Yalianza baada ya mimi kuongeza siku ya vilima juu ya ratiba iliyokuwa tayari na mbio tatu za kilomita 10 kwa wiki.

Siku ya kwanza niliulizwa maswali mengi kuhusu ratiba kabla goti halijaguswa, na hilo lilinipa imani. Kisha nikaambiwa nisimame kwa mguu mmoja juu ya kibao na kujishusha taratibu. Goti lilikuwa likiingia ndani, na kiuno upande wa pili kikidondoka. Alinipima pia nguvu ya nyonga kwa kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Mguu wenye maumivu ulikuwa dhaifu kuliko mwenzake. Nilipouliza kuhusu picha ya goti, alisema haihitajiki kwa sababu sikuwa nimeanguka, goti halikuvimba wala halikukwama. "Goti lako limechoshwa, halijachakaa," aliniambia.

Maelezo yake kuhusu nyonga ni haya. Pia ya goti huteleza ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Misuli ya makalio, hasa ile ya ubavuni, ndiyo inayozuia paja lisiingie ndani na kujizungusha unapotua kwa mguu mmoja. Ikilegea, mfereji unasogea chini ya pia, na mgandamizo unaegemea upande wa nje. Rudia hivyo kwa maelfu ya hatua, sehemu ile itauma.

Hapo ndipo watangazaji wengi huishia, lakini yeye aliendelea. Watu wenye maumivu haya mara nyingi hukutwa na nyonga dhaifu, ila tafiti zilizowafuatilia watu kabla hawajaumia hazijaonyesha wazi kwamba udhaifu huo ndio unaotangulia. Huenda kwa wengi nyonga inadhoofika kwa sababu ya maumivu yenyewe. Hata hivyo mazoezi ya nyonga yanasaidia: yakichanganywa na ya misuli ya mbele ya paja, matokeo huwa mazuri kuliko mazoezi ya goti peke yake. Faida nyingine ni kwamba nyonga unaweza kuianza mapema, wakati goti bado halitaki kukunjwa chini ya uzito.

Basi nilianza kwa kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, kuinua kiuno kwa mguu mmoja nikiwa chali, na kutembea kiubavu nikiwa na mpira wa kuvuta juu ya vifundo. Ilikuwa seti 3 za marudio 10, mara 3 kwa wiki, na marudio mawili ya mwisho yalitakiwa yawe magumu kweli. Kama yanakwenda kirahisi, mpira unabadilishwa. Baadaye tukaongeza kuchuchumaa kwa kina kidogo na kushuka kibao, goti likielekea usawa wa kidole cha pili cha mguu. Mazoezi ni mazuri, lakini maelekezo ya video waliyonitumia yanapita haraka mno, na bila kurekebishwa ana kwa ana ningekuwa nazungusha kiuno nyuma kila ninapoinua mguu, na kazi yote ingehamia mbele ya nyonga. Nyota moja nimeikata hapo.

Kilichonirudisha barabarani ni mabadiliko ya ratiba. Sikuambiwa niache kukimbia. Kanuni ilikuwa kwamba maumivu wakati wa mbio yasizidi 2 kati ya 10, na ndani ya dakika 60 baada ya kumaliza yarudi pale yalipokuwa kabla. Yakizidi hapo, mbio inayofuata inapunguzwa. Kwa hiyo zile kilomita 10 zikakatwa kuwa mbio fupi za kilomita 4, mara nyingi zaidi kwa wiki, mahali tambarare, mwendo wa polepole, dakika 4 za kukimbia na 1 ya kutembea. Vilima vikaondolewa kabisa. Kitu kimoja tu kiliruhusiwa kuongezwa kwa wakati mmoja: kwanza umbali, kisha kasi, na mteremko mwisho wa yote, kwa kuwa ndiyo unaolibana goti zaidi. Tulipojaribu kurudisha kasi, maumivu yalibaki hadi asubuhi iliyofuata. Tukarudi hatua moja nyuma, tukaongeza umbali kwanza, ndipo kasi ikakubali.

Jambo jingine dogo lenye matokeo makubwa lilikuwa hatua fupi. Kwenye mashine ya kukimbilia alihesabu hatua zangu kuwa 160 kwa dakika, akanitaka nifike 170 kwa kasi ileile. Ongezeko la asilimia 5 hadi 10 hufanya mguu utue karibu na mwili na goti likunjike kwa kiasi kidogo kuliko awali, yaani mzigo kwenye pia unapungua. Mwanzoni mashavu ya miguu yalichoka, na huo ndio mpaka wake: mzigo hauondoki mwilini, sehemu yake inahamia kwenye kifundo na shavu la mguu. Mwenye tatizo la kano ya kisigino aende taratibu sana na hili.

Kwa nini naipa ratiba uzito kuliko nyonga? Kuna jaribio lililofanyika Kanada, likachapishwa mwaka 2018, lenye wakimbiaji 69 wa aina yangu. Kundi moja lilifundishwa tu kupanga mzigo wa mazoezi kulingana na maumivu. La pili likaongezewa mazoezi ya nguvu. La tatu likaongezewa marekebisho ya namna ya kukimbia. Baada ya wiki 8 makundi yote yalipata nafuu, na hakuna lililoshinda kundi la elimu peke yake. Kwangu hilo halina maana kwamba mpira wa kuvuta ni kazi bure. Ninapojishusha kibaoni sasa kiuno hakidondoki, na vilima navipanda nikiwa imara kuliko mwanzo. Lakini mtu anayefanya mazoezi ya nyonga kila siku huku ameng'ang'ania ratiba ileile iliyomuumiza atasubiri sana.

Kabla ya kulipia programu ya namna hii, gusa mahali panapouma. Maumivu ya upande wa nje wa goti yanayoanza baada ya umbali fulani, au yaliyo kwenye kano chini kidogo ya pia, ni matatizo mengine yenye mpango tofauti. Goti lililovimba, linalokwama, linaloachia ghafla, au linalouma usiku ukiwa umelala, lipeleke kwa daktari kwanza.