Usiku wangu minne na dau la jozi kwenye meza ya blakjeki

Meza niliyokaa iko kwenye kasino moja ya Dar es Salaam, karata pakiti sita, dau la chini shilingi 10,000. Huduma haina tatizo. Wagawaji ni wepesi wa mkono na wana adabu, na malipo yanatoka papo hapo. Ninachotaka kukieleza ni kile kiduara kidogo kilichochorwa pembeni ya duara la dau lako, kile cha jozi. Kwenye meza za simu utakiona kama kitufe kilichoandikwa Perfect Pairs. Unaweka chipu pale kabla karata hazijagawiwa, na karata zako mbili za kwanza zikifanana namba, unalipwa. Zikiwa sawa kwa namba na kwa alama, mfano nane mbili za kopa, unapata mara 25. Zikiwa rangi moja ila alama tofauti, nane ya kopa na nane ya uru, mara 12. Nyekundu na nyeusi, mara 6.

Usiku wa kwanza mzee mmoja aliyekaa kushoto kwangu aliniona naliacha tupu akanambia, "Kijana, hilo la jozi usilipuuze. Huku kwingine unahangaika, pale ndipo hela ilipo." Nikamjibu, "Sawa, mzee wangu," nikaweka 5,000. Raundi ya tatu zikaja ree mbili za shupaza. Laki moja na elfu ishirini na tano, kwa chipu moja. Baada ya hapo sikuliacha tena kwa siku nne, na kwa kuwa nina tabia ya kuandika, kila raundi niliiweka kwenye daftari.

Raundi 400. Jozi zilikuja 31, kwa hiyo sikukosa bahati: 6 zilikuwa za alama moja, 8 za rangi moja, 17 mchanganyiko. Malipo yote ya jozi ukiyajumlisha yanafika chipu 348. Lakini raundi nyingine 369 kila moja ilichukua chipu yake. Nikapungukiwa chipu 21, yaani 105,000, kwenye dau ambalo kila nilipoinuka mezani nilikuwa na hakika kwamba linanilipa vizuri.

Nilipoketi nyumbani na hesabu ndipo nilipoona kuwa yale 31 hayakuwa mabaya. Yalikuwa karibu kabisa na yanayotakiwa kutokea, hata yamezidi kidogo.

Hesabu yenyewe ni hii, na haihitaji zaidi ya kujumlisha. Pakiti sita ni karata 312. Tuseme karata yako ya kwanza ni nane ya kopa. Zimebaki 311, na yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ya pili. Humo mna nane za kopa 5, nane za uru 6, na nane nyeusi 12. Jumla 23. Zilizobaki, 288, zote zinakupoteza. Sasa chukua kila moja ya hizo 311 ikujie mara moja, na kila mara umeweka 5,000. Nane za kopa zitakupa 625,000, za uru 360,000, nyeusi 360,000 tena. Umepata 1,345,000. Zile 288 zimekula 1,440,000. Tofauti ni 95,000 iliyobaki kwa kasino, nayo ni kama asilimia 6.1 ya kila shilingi uliyoiweka pale.

Linganisha na mchezo wenyewe. Meza inayolipa blakjeki, yaani 21 ya karata mbili za kwanza, 3 kwa 2, kama hii, mtu anayecheza kila mkono inavyopasa anaiachia kasino karibu nusu asilimia tu. Kwa raundi hizo hizo 311, dau la 10,000, ni kama 15,500. Yaani chipu ndogo ya pembeni, nusu ya dau kuu, inagharimu mara sita zaidi.

Kwa nini pengo ni kubwa hivyo ilhali karata ni zile zile? Jibu liko kwenye mikono yako. Kwenye mchezo mkuu, karata zikishafika bado una la kufanya: unaongeza karata, unasimama, unaongeza dau mara mbili mgawaji akiwa na karata dhaifu, unagawa nane mbili ziwe mikono miwili. Mgawaji hana uhuru huo, sheria inamlazimisha kuchota mpaka afike 17. Kasino inaanza na faida kubwa, kwamba wewe ukizidi 21 kwanza umeshapoteza hata naye akizidi baadaye, lakini maamuzi yako yanaila faida hiyo karibu yote. Wanajeshi wanne wa Marekani walichapisha hesabu ya maamuzi hayo mwaka 1956, wakitumia mashine za kujumlisha za mezani. Kwenye duara la jozi hakuna uamuzi. Karata ya pili ikitua, mambo yamekwisha, na upungufu uliomo kwenye malipo unabaki wote kama ulivyo.

Na bado linaonekana zuri, maana jozi huja wastani wa mara moja kila raundi 13 au 14. Ni mara za kutosha kukuweka na matumaini. Hasara yenyewe ni chipu moja moja, mgawaji anaifuta kabla hujaanza kufikiria mkono wako. Bila daftari nisingeiona.

Bima nayo ni dau la pembeni, ingawa jina lake linawafanya watu waione kama kinga. Mgawaji akionyesha ree, unaweka nusu ya dau ukitarajia karata yake iliyofichwa ni ya kumi, ulipwe mara mbili. Zenye thamani ya kumi ni 96 katika 311 usizoziona. Kwa 5,000 kila mara, unapata 960,000 na kupoteza 1,075,000. Hiyo ni asilimia 7.4, mbaya kuliko jozi. Ukiwa umeshika mbili za kumi mkononi, ambapo ndipo watu wanapoikimbilia zaidi, inazidi kuwa mbaya, maana mbili kati ya zile unazozitaka unazo wewe.

Kabla hujaweka chochote soma malipo yaliyoandikwa kwenye kitambaa, na uliza pakiti ni ngapi. Meza za simu nyingi hutumia pakiti nane, na kwa malipo yale yale ya 25, 12 na 6 makato yanashuka hadi asilimia 4.1, kwa sababu karata zinazofanana ni nyingi zaidi. Lakini nimekaa pia kwenye meza ya pakiti sita inayolipa jozi yoyote mara 11. Watu waliipenda kwa kuwa hata nyekundu na nyeusi inapata 11 badala ya 6. Rudia hesabu ile: 23 mara 11 ni 253, dhidi ya 288. Makato asilimia 11 na zaidi.

Meza ile niliyoanza nayo bado naipenda, nimerudi mara mbili. Mzee yule alikuwepo, akanionyesha kiduara kwa kidole. Nikamwonyesha ukurasa wa daftari wenye zile 31. Aliusoma taratibu, akaniuliza kama zile 369 nilizihesabu kweli, nikamwambia moja moja. Raundi iliyofuata aliweka chipu yake ya jozi kama kawaida, mimi nikaweka 10,000 yangu peke yake.