Bakuli la marehemu bibi lilivyokadiriwa kwa picha: uzoefu wangu

Bibi alipofariki, mimi niliachiwa bakuli. Ni kubwa, jeupe lenye maua ya buluu, na lilikaa kwenye kidaka cha nyumba yake Lamu tangu mama yangu hajazaliwa. Sasa liko juu ya kabati langu hapa South C. Kwetu lilikuwa halina mjadala: kaure ya Uchina, miaka mia mbili. Binamu zangu walipoanza kuulizana thamani yake, nikaona heri nipate neno la mtu anayejua.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja hapa Nairobi anayekadiria vyombo vya kale kwa picha. Ada yake ni shilingi 2,500, unatuma kwa M-Pesa, kisha unatuma picha kwa simu. Nilimtumia tano usiku uleule, nimezipiga kwa fleshi. Akanijibu asubuhi: "Mwanangu, umenipigia picha ya taa. Bakuli silioni."

Alitaka nizipige upya kando ya dirisha, mchana, bila fleshi. Ilikuwa Julai, na wingu la Nairobi la mwezi huo ndilo alilolipenda, kwa sababu mwanga wake ni mtulivu na haumetimeti juu ya chombo. Niweke karatasi nyeupe pembeni ili rangi isidanganye, na rula ili vipimo vijulikane. Picha moja ya bakuli zima, moja ya ndani, na nne za chini. Hizo nne zilinishangaza, maana uzuri wote uko juu. Akasema juu ni pa mgeni, chini ndipo panapozungumza.

Nilipoligeuza nikaona nisichowahi kukiona maishani. Katikati ya kitako pana muhuri uliofifia: mnyama amelala, kichwa cha mtu na mwili wa simba, na maandishi PETRUS REGOUT & Co. MAASTRICHT. Chini yake, MADE IN HOLLAND.

Kumbe ni la Uholanzi. Regout alianza kutengeneza vyombo mjini Maastricht mwaka 1836, na vyombo vya mji huo vilisafirishwa kwa wingi hadi pwani yetu. Maneno ya nchi ndiyo yaliyompa mzee mwanzo wa umri: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyoanza kutumika 1891, ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vya Ulaya vikaanza kuzoea kuandika. Kwa hiyo akasema ni baada ya 1891, na kabla ya Vita vya Pili. Nilimwomba mwaka kamili akakataa, kwa kuwa kiwanda kilibadili jina kuwa De Sphinx mwaka 1899 lakini jina la Regout likabaki kwenye mihuri. Kukataa huko ndiko kulikonifanya nimwamini.

Kuhusu udongo, aliniambia niwashe tochi ndani ya bakuli gizani na nipige picha kwa nje. Kaure nyembamba hupitisha mwanga, hata kivuli cha vidole unakiona. Langu lilibaki jeusi tii. Pia pale kwenye ukingo wa kitako ambapo mng'aro umelika, udongo ni wa rangi ya maziwa na umenyonya uchafu, kaure hainyonyi. Na maua yale yamepigwa kwa muhuri wa sifongo: ukiyafuata kwa kidole kuzunguka ukingo, ua la mwisho limepanda juu ya la kwanza kwa sababu nafasi ilimwishia fundi. Hilo ua sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Thamani: shilingi 4,000 hadi 7,000 kama ni zima. Halikuwa zima. Picha moja ilionyesha vibanio viwili vya chuma vilivyoshika ufa kwa chini, kazi ya mafundi wa zamani kabla ya gundi kali. Akashusha hadi 2,000 au 3,000, na akaonya nisivitoe. Kama nitataka kuliuza nje ya nchi, niulize kwanza Makumbusho ya Taifa, kwa sababu sheria ya 2006 inahesabu vitu vilivyoingia Kenya kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale.

Lalamiko langu ni siku sita za kusubiri jibu alilosema litachukua mbili. Na kuna jambo picha haziwezi: alitaka kusikia mlio wa bakuli likigongwa kwa ukucha, kwani ufa uliofichika hutoa sauti ya mfu. Nikamrekodia. Ulikuwa mfu, kwa hiyo akaongeza kwamba nisilitie kitu cha moto.

Nilimpigia shangazi Lamu nikamweleza yote. Kuhusu Uholanzi alinyamaza. Nilipotaja vibanio akasema, "Hilo nililivunja mimi, siku ya maulidi, nina miaka tisa. Mama alilia."